Silinda ya Pampu Inapata Joto, Mbona Tairi Halipati?

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijafika uani kwetu Umoja, Nairobi, nilikuwa natia upepo gurudumu la nyuma la baiskeli. Mpwa wangu, aliye kidato cha pili na ambaye hukaa nasi shule zikifungwa, alikuwa ameniomba pampu anisaidie. Akapiga, akapiga, hadi mshale wa saa ya kupimia presha kwenye pampu ukafika 40. Alipoinama kuchomoa paipu kwenye valvu, kiganja chake kikagusa silinda upande wa chini, pale inapokutana na kikanyagio.

"Mjomba, mbona pampu imepata joto?"

Nikampa jibu ambalo wengi wetu tungelitoa: hewa imekandamizwa, presha imepanda, na presha ikipanda, joto nalo hupanda. Akanyamaza kidogo. Kisha akaweka mkono kwenye tairi, akaubonyeza mpira kwa kidole gumba. "Lakini presha sasa iko huku ndani. Mbona tairi ni baridi?"

Nafundisha fizikia, na swali hilo lilinikalia kichwani wiki nzima. Tairi lile lilikaa na presha yake hadi Jumatano, likanipeleka Barabara ya Jogoo hadi Industrial Area na kunirudisha, na kila asubuhi nilipoligusa kabla ya kutoka lilikuwa baridi kama sakafu. Kama presha ndiyo inayozaa joto, tairi lililojaa lingekuwa kama jiko dogo lisilozimika. Basi jibu langu lilikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe inastahili kufuatwa hadi mwisho wake.

Kwanza nilipitia kwa mzee anayetengeneza baiskeli karibu na steji yetu. Pampu yake ni ya zamani, silinda ya chuma, na ndani pistoni imevalishwa kikombe cha ngozi. Nilimwuliza kwa nini inapata joto. Hakusita. "Mwalimu, hiyo ni ngozi inasugua chuma. Sugua mikono yako uone." Kisha akaniambia jambo ambalo nililiandika: ngozi ikikauka, pampu hupata joto upesi na mpini huwa mzito, ukiipaka grisi, inatulia.

Maneno yake hayawezi kupuuzwa, kwa sababu msuguano kweli huleta joto na fundi ameshika pampu nyingi kuliko mimi. Ila dai lake linaweza kupimwa bila kubishana. Kama joto linatokana na ngozi kusugua silinda, haijalishi hewa inakwenda wapi. Pistoni inapanda na kushuka ileile, ngozi ileile, chuma kilekile. Ukiacha paipu wazi bila kuifunga kwenye valvu, silinda inapaswa kupata joto karibu sawa na unapojaza tairi.

Nyumbani nina mita ya umeme yenye waya wa kupimia joto. Niliubandika ule waya kwa utepe kwenye silinda, vidole vitatu juu ya kikanyagio, nikasubiri namba itulie. Ilisoma nyuzi 21. Tukapiga pampu mara 50 paipu ikiwa wazi, hewa ikitoka bure uani. Namba ilipanda hadi 23. Tukaiacha ipoe, tukatoa upepo wote kwenye gurudumu la nyuma, tukafunga paipu kwenye valvu, na mpwa wangu akapiga tena mara 50 kwa mwendo uleule. Mara hii ilifika 37.

Nyuzi mbili kwa msuguano, nyuzi kumi na sita kwa pamoja. Nakubali kwamba hesabu hiyo haijamtendea fundi haki kikamilifu, maana ngozi hubanwa zaidi ukutani presha ikiwa juu, kwa hiyo msuguano wa mara ya pili ulizidi ule wa kwanza. Lakini kuna ushahidi mwingine ambao vidole vyako vinatosha kuupata. Pistoni husugua silinda yote, juu hadi chini, kwa hiyo joto la msuguano lingetapakaa kotekote. Pampu iliyotoka kujaza tairi ina joto chini, na ukipandisha mkono kuelekea mpini, inazidi kupoa. Joto limekusanyika pale hewa ilipobanwa, mahali pistoni inamalizia safari yake. Pampu ya mzee ikipata joto kotekote, hata paipu ikiwa wazi, hapo ngozi imekauka na grisi ndiyo dawa.

Njia hii ya kupima mara mbili na kutoa ni ya zamani. Mwaka 1845 Mwingereza James Joule alichapisha majaribio ambayo alisukuma hewa kwa pampu ndani ya chombo cha shaba kilichozamishwa kwenye maji, akapima maji yamepata joto kiasi gani. Naye alijua kwamba pistoni yake inasugua, kwa hiyo alipima joto la msuguano kivyake, akaliondoa kwenye jumla. Kilichobaki kilikuwa joto la kuikandamiza hewa yenyewe, na akaonyesha kwamba linalingana na kazi iliyofanywa na mkono ulioisukuma pampu.

Neno hilo "kazi" ndilo nililoliruka nilipomjibu mpwa wangu.

Darasani tunaandika kanuni ya gesi hivi: pV = nRT. Presha mara ujazo ni sawa na kiasi cha gesi mara halijoto, pamoja na namba moja isiyobadilika. Halijoto hapa inahesabiwa kwa kelvini, yaani kuanzia kwenye sifuri ya kweli iliyo nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Kanuni ni sahihi, lakini haijibu swali la mtoto. Ukisukuma pistoni hadi ujazo ubaki nusu, kanuni inaruhusu presha iwe mara mbili na halijoto ibaki ilivyokuwa. Inaruhusu pia presha iwe zaidi ya mara mbili na halijoto ipande. Kanuni ni kama hesabu ya duka: inakwambia pande mbili lazima zilingane, haikwambii pesa zimetoka wapi. Ndiyo maana tairi linaweza kuwa na presha kubwa na likawa baridi, bila kuvunja kanuni yoyote. Lina hewa nyingi ndani ya ujazo mdogo, basi.

Kwa hiyo tufuate pesa. Hewa ni molekuli, nyingi zikiwa naitrojeni na oksijeni, zinazokimbia kila upande kwa kasi ya wastani ya mita mia nne na kitu kwa sekunde. Halijoto ya hewa ni kipimo cha nguvu za mwendo huo. Molekuli zikikimbia zaidi, hewa ina joto zaidi. Hakuna kitu kingine kilichojificha nyuma yake. Sasa, molekuli ikigonga ukuta uliosimama, kwa wastani inarudi na kasi ileile iliyokuja nayo, mradi ukuta una halijoto sawa na hewa. Lakini ikigonga pistoni inayokuja kuikabili, inarudi na kasi zaidi.

Mpwa wangu hucheza mpira, kwa hiyo nilimweleza hivi. Mpira ukikujia nawe ukausubiri umesimama tu, unakudunda na kurudi. Ukiuendea kwa kichwa, unarudi mkali kuliko ulivyokuja. Pistoni inazipiga molekuli kichwa, moja baada ya nyingine. Inakwenda polepole, haifiki hata mita moja kwa sekunde, kwa hiyo kila pigo linaongeza kasi kidogo mno. Lakini mapigo hayana idadi. Molekuli zilizoongezewa kasi hugongana na jirani zao, nazo hugongana na zingine, na faida hiyo inagawanywa kwa hewa yote kabla pistoni haijasogea milimita chache.

Katika maelezo hayo hakuna mahali molekuli zinapopata joto kwa sababu zimesongamana. Watu wengi hulifikiria basi lililojaa abiria: tukibanana, tunapata joto. Picha hiyo inapotosha. Msongamano peke yake hauongezi kasi ya yeyote. Kinachoongeza kasi ni ukuta unaosogea, na ukuta unasogea kwa sababu mkono unasukuma. Chai na mkate vya asubuhi vilikuwa kwenye misuli ya mpwa wangu, vikapita kwenye mpini, vikaishia kwenye mbio za molekuli. Pistoni ikisimama, nyongeza inakoma. Hewa iliyokwisha kuingia kwenye tairi inabaki imebanwa, lakini hakuna anayeifanyia kazi tena, na joto lililokuja nalo linavuja taratibu kupitia mpira hadi hewa iwe sawa na uani. Presha inabaki. Joto linaondoka. Hilo ndilo jibu la swali lake, na nilipomwambia aliuliza linalofuata mara moja: ni joto kiasi gani?

Tulikaa mezani tukapiga hesabu ya msukumo mmoja tu, ule wa mwisho, mshale ukiwa kwenye 40.

Hapa pana mtego ambao wanafunzi wangu huuingia kila mwaka. Saa ya pampu inaonyesha sifuri ikiwa haijafungwa popote, ilhali hewa ya nje ina presha yake. Ile 40 ni paundi 40 kwa inchi mraba juu ya presha ya nje, sawa na kilopaskali 276. Kanuni ya gesi haijui habari za saa ya pampu. Inataka presha yote. Jiji letu liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina presha ya karibu kilopaskali 83, ambapo Mombasa ni 101. Kwa hiyo presha ya kweli ndani ya tairi ni 276 na 83, yaani 359. Hewa iliyoingia kwenye silinda ikiwa na 83 lazima ifikishwe 359 ndipo valvu ikubali kuipitisha. Hiyo ni mara 4.3.

Tukichukulia kwamba msukumo ni wa haraka kiasi kwamba joto halipati nafasi ya kutoroka, presha na halijoto hufuatana kwa kanuni hii:

```
T2 = T1 × (p2 / p1)^0.286
```

Ile 0.286 inatokana na umbo la molekuli za hewa. Nyingi ni atomu mbili zilizoshikana, na pamoja na kukimbia zinaweza kuzunguka, kwa hiyo sehemu ya nguvu zinazopewa inakwenda kwenye mzunguko badala ya mbio. Kwa hewa ya nyuzi 20, yaani kelvini 293, hesabu inaleta kelvini 445. Ukitoa 273, unabaki na nyuzi 172 za Selsiasi.

Mpwa wangu aliiangalia namba ile, akaangalia pampu. "Mia moja sabini na mbili? Maji huchemka kabla ya mia!" Alikuwa sahihi, huku kwetu Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, kwa sababu ya mwinuko huohuo. Mbona basi silinda haikumchoma?

Tukaendelea kuhesabu. Silinda yetu ina kipenyo cha ndani cha sentimita 3, na pistoni husafiri sentimita 45. Ujazo wake ni kama theluthi moja ya lita. Hewa ya Nairobi inayoingia humo ina uzito wa gramu 0.3, kama chembe kumi na kitu za mchele. Silinda ya chuma inayoizunguka ina uzito wa gramu karibu 400. Hewa hiyo kidogo hata ikiwa na nyuzi 172, haina joto la kutosha kukipandisha chuma chote hicho zaidi ya sehemu ndogo ya nyuzi moja. Ni kama kumimina kijiko cha maji ya moto kwenye ndoo. Vijiko 50 mfululizo, hata hivyo, ndoo inaanza kuhisi, hasa ikiwa vyote vimemiminwa kwenye kona moja. Ndiyo maana silinda inapanda polepole, msukumo kwa msukumo, na ndiyo maana inapanda chini kuliko juu.

Tulijaribu pia kuangalia upande wa mkono. Kwenye msukumo wa mwisho, pistoni inapigana na presha ya 276 juu ya eneo la sentimita mraba 7 hivi, nguvu inayolingana na kubeba mzigo wa kilo 20. Mpini haukuwa mzito hivyo tangu juu. Ulianza mwepesi ukazidi kuwa mzito hadi theluthi mbili ya safari, ndipo valvu ikafunguka na uzito ukabaki uleule hadi chini. Ukijumlisha yote, msukumo mmoja unagharimu kama jouli 48. Kisha nikahesabu nguvu zinazohitajika kuipandisha gramu 0.3 ya hewa kutoka nyuzi 20 hadi 172 na kuisukuma hadi nje ya silinda. Jouli 48. Hesabu mbili, moja kutoka kwenye mkono na nyingine kutoka kwenye hewa, zikakutana pale pale. Nimefundisha jambo hili miaka mingi, na bado nililisoma daftari lile mara mbili.

Nyuzi 172 ni kikomo cha juu, hata hivyo. Katika pampu halisi hewa haifiki huko, kwa sababu msukumo unachukua karibu nusu sekunde, na katika muda huo hewa inayogusa ukuta wa chuma inaendelea kupoteza joto. Silinda ikiwa nyembamba, hewa iko karibu zaidi na ukuta na hupoteza zaidi. Ndiyo maana vipampu vidogo vya kubeba kwenye baiskeli hupata joto kali kuliko pampu kubwa ya kusimamia: hewa iko jirani na chuma, chuma chenyewe ni chepesi, na mtu hulazimika kupiga mara nyingi sana kwa haraka. Usikishike chini baada ya kujaza tairi zima.

Jambo hilohilo linaeleza kwa nini mwendo una maana. Ukisukuma polepole sana, joto linatoroka wakati hewa inabanwa, kwa hiyo halijoto inabaki karibu pale ilipoanzia na presha inapanda kwa sababu ya ujazo peke yake. Mkono nao unafaidika. Msukumo ule wa jouli 48 ungegharimu jouli 39 tu kama hewa ingebaki nyuzi 20 mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hewa yenye joto hujitanua na kukusukuma nyuma kabla valvu haijafunguka. Anayepiga pampu kwa pupa analipa zaidi kwa hewa ileile. Sisemi watu wapige pampu kama wanaokoroga uji. Katika mwendo wowote wa kawaida joto litakuwepo. Ila tofauti ile inahisika kwenye mabega, na ukishajua ilipotoka, unaihisi vizuri zaidi.

Na mwinuko wetu una gharama yake. Kila mara pistoni inapopanda, silinda inajazwa hewa ya presha 83 badala ya 101. Tairi letu la lita 4 hivi, likianza bila upepo, linahitaji misukumo kama 42 kufika 40 hapa Nairobi. Pampu hiyohiyo, tairi hilohilo, Mombasa ingetosha misukumo 34. Hewa ya huku pia inabanwa zaidi kufikia alama ileile ya saa, mara 4.3 badala ya 3.7, kwa hiyo ikianza na halijoto sawa, inaishia na joto zaidi. Anayetoka Pwani akaona pampu ya Nairobi inachosha hajadhoofika. Anavuta hewa nyepesi, pistoni nayo vilevile.

Hewa hii yenye joto huleta tatizo moja linalowapeleka watu kwa fundi bila sababu. Sehemu ya joto huachwa kwenye silinda na kwenye paipu, lakini nyingine inaingia na hewa ndani ya tairi. Tuseme umejaza haraka hadi 40, na hewa ya ndani imezidi ya nje kwa nyuzi 8. Unaliacha tairi na paipu ikiwa imefungwa, unakwenda kunywa chai. Hewa inapoa, ujazo wa tairi ni uleule, kwa hiyo presha inashuka. Inashuka kidogo zaidi ya paundi moja, na mshale unaonekana umeachia 40. Mtu anaanza kutafuta pancha kwenye beseni la maji.

Njia ya kutofautisha ni kuangalia mshuko unavyoendelea. Kupoa kunaanza haraka, kunapungua, kisha kunakoma. Baada ya kama robo saa mshale unatulia na hausogei tena hadi jioni. Pancha haina haya: inaendelea dakika baada ya dakika, hata tairi likiwa baridi kabisa. Ukiona mshale umeshuka kidogo, ngoja, soma mara ya pili, soma mara ya tatu. Usomaji wa pili na wa tatu ukiwa sawa, tairi halina kosa. Nilimweleza mzee wa steji habari hii, akaniambia huwa anawaona: "Wanakuja na tyubu nzima, mwalimu. Naweka majini, hakuna hata povu moja."

Kuhusu ngozi na msuguano hakunikubalia haraka. Alichukua pampu yake, akapiga mara nyingi paipu ikiwa wazi, akashika silinda. Kisha akaifunga kwenye tairi la Black Mamba lililokuwa limelala mbele yake. Valvu za baiskeli nyingi za aina hiyo zina kimpira kidogo ambacho hewa lazima ikitanue kwanza ndipo ipite, kwa hiyo pampu inalazimika kufika presha ya juu kuliko ile ya tairi lenyewe, na joto nalo linafuata. Alipiga, akashika chini, akashika juu, akashika chini tena. "Chini," akasema, na akaendelea kukaza spoki.

Nilirudi nyumbani nikiwa na jaribio moja la mwisho, na kabla hatujalifanya nilimtaka mpwa wangu atabiri. Tairi lilikuwa limekaa usiku kucha, nyuzi zake sawa na za uani. Tukibonyeza sindano ya valvu hewa itoke kwa nguvu, chuma cha valvu kitapata joto, kitabaki kilivyo, au kitapoa?

Alifikiria mpira. Kuna namna nyingine ya kuupokea, akasema, pale unapoutuliza kifuani: unarudisha kifua nyuma mpira unapokugusa, nao unaanguka miguuni umekufa. Sasa hakuna pistoni inayokuja mbele. Hewa iliyo ndani inaisukuma ile inayotoka, molekuli zinagonga kitu kinachozikimbia, kwa hiyo zinarudi na kasi ndogo. Safari hii hewa ndiyo inayofanya kazi, na hakuna mkono wa kuilipa. Inalipa yenyewe.

"Itapoa," akasema, akabonyeza.

Hewa ilitoka kwa kishindo kirefu. Alikiweka kidole pembeni ya valvu, akakiacha pale hadi tairi likalegea.

"Ni baridi, mjomba. Shika."

Nikashika. Kisha akaenda kuleta pampu.